Kalenda ya muhula imejaa, na bado wiki ya 7 inakuzamisha: dalili, chanzo na dawa

Nimekuwa mwakilishi wa darasa kwa mihula mitatu sasa, hapa Lamu, darasa la stashahada ya biashara lenye kozi 6. Kazi ambayo hakuna aliyenitahadharisha nayo ni kutazama kalenda za watu. Mtu anakuja barazani baada ya magharibi, anafungua daftari au simu, anasema, "Niliandika kila kitu, mbona nimezama?" Nikitazama, kweli ameandika kila kitu. Tatizo halimo katika alichokisahau, limo katika namna alivyokiandika.

Mfano nitakaoutumia ni muhula wetu wa Januari hadi Aprili 2026, wiki 14. Kila kozi ilikuwa na majaribio mawili na kazi moja ya kuandika au ya vitendo, jumla vipande 18. (Majaribio hayo wenyewe tunayaita "kati". Siku ya kwanza niliposikia "kati ya Takwimu" nilidhani mtu anataka kuniambia kati ya Takwimu na nini. Hapa nitasema jaribio.) Nitaanza na dalili ninayoiona zaidi.

Dalili: kila tarehe imeandikwa, lakini wiki moja inakuja kama mafuriko

Hii ndiyo hali ya karibu kila anayekuja. Kalenda yake ina siku za kuwasilisha kazi na siku za majaribio, basi. Wiki ya 4 nyeupe, wiki ya 5 ina kitu kimoja, halafu wiki ya 7 imepakwa wino hadi pembeni.

Kwa nini wiki ya 7? Kwa sababu muhula una wiki 14, na kila mwalimu peke yake amefikiri jambo la busara: nikifika nusu ya mada, niwapime. Walimu sita wakifikiri busara ileile bila kuulizana, wote wanaangukia wiki ya 6 na 7, kisha tena wiki ya 11 na 12. Hakuna mwenye nia mbaya. Ndiyo maana kumnung'unikia mwalimu mmoja mmoja hakusaidii kitu, kila mmoja akitazama kozi yake anaona jaribio moja tu.

Kalenda ya siku za mwisho haikuonyeshi uzito. Jaribio la dakika 40 na insha ya kurasa 8 zote zinachukua mstari mmoja. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuandika saa mbele ya kila kipande: saa ngapi za kukaa kitini kinahitaji, mbali na vipindi vya darasani. Hii hapa wiki ya 7 ya mwenzangu mmoja kabla ya tarehe yoyote kusogezwa, Jumamosi 14 hadi Ijumaa 20 Februari:

Takwimu, jaribio, Jumatatu tarehe 16: saa 6.
Uhasibu, jaribio, Jumatano tarehe 18: saa 8.
Sheria ya Biashara, jaribio, Alhamisi tarehe 19: saa 6.
Uchumi, insha ya kurasa 8, Ijumaa tarehe 20: saa 10.
Kompyuta, kazi ya vitendo, Ijumaa tarehe 20: saa 5.

Jumla ni saa 35. Sasa tukahesabu saa alizo nazo kweli, si zile anazotamani. Jumatatu hadi Alhamisi jioni saa mbilimbili, ni 8. Ijumaa hakuna, hilo tulikubaliana bila mjadala. Jumamosi saa 5, Jumapili saa 3 kwa sababu anamsaidia mamake dukani. Jumla saa 16 kwa wiki. Mzigo wa 35 ndani ya chombo cha 16, huhitaji fundi kukwambia kitazama.

Lakini tazama wiki zilizotangulia. Wiki ya 4 ilikuwa na kazi za saa 3, ya 5 saa 5, ya 6 saa 9. Ukijumlisha na 35 unapata 52. Wiki nne zina nafasi ya saa 64. Kwa hiyo mzigo wote unaingia na nafasi inabaki, mradi uanze kupakia wiki ya 4. Ukingoja wiki ya 6 ndipo uanze, una saa 44 za kazi na nafasi ya 32, na hapo hakuna ratiba itakayokuokoa.

Tuliigawa hivi. Insha ya Uchumi: saa 4 wiki ya 4 za kusoma na kupanga hoja, saa 6 wiki ya 5 za kuandika. Kompyuta: saa 2 wiki ya 4, saa 3 wiki ya 5. Uhasibu: saa 3 za mazoezi wiki ya 4, saa 5 wiki ya 7 yenyewe. Takwimu yote 6 wiki ya 6, maana jaribio ni Jumatatu. Sheria yote 6 wiki ya 7. Pamoja na mizigo ya kawaida, wiki ya 4 ikawa na saa 12, ya 5 ikawa na 14, ya 6 ikawa na 15, na wiki ya 7 iliyokuwa ikitisha ikabaki na 11.

Utauliza kwa nini Uhasibu tuliuvuta nyuma na Sheria tukaiacha pale pale. Hapo ndipo watu wengi hukosea hata wakishajua kugawa. Kazi ya kuandika haichachi: ukiimaliza mapema inakaa tu ikisubiri siku yake. Mazoezi ya Uhasibu nayo hukaa mkononi; ukishajua kusawazisha mizania, wiki tatu baadaye bado unajua. Lakini vifungu vya sheria na majina ya kesi ni vitu vya kukariri, ukivisoma wiki ya 4 pekee utakuwa umevisahau. Kwa hiyo vuta nyuma kwanza kazi za kuandika, halafu mazoezi ya hesabu, na ya kukariri yaache karibu na siku yake. Ukianza kuvuta nyuma ya kukariri, utayasoma mara mbili na utakuwa umejiongezea mzigo.

Kwa wanaotumia Eksel, mambo ni mepesi. Safu A kozi, B kazi, C tarehe, D saa, E wiki. Katika E2 weka fomula ya kwanza hapa chini, uiburute hadi chini. Tarehe iliyomo ndani ni Jumamosi ya wiki ya 1, yaani 3 Januari 2026, ubadilishe iwe ya muhula wako. Ya pili iweke pembeni, inakujumlishia saa za wiki ya 7.

```
=INT((C2-DATE(2026,1,3))/7)+1
=SUMIF(E:E,7,D:D)
```

Kwanza jaza C kwa siku ya kuwasilisha kazi, uone kilima kiko wapi. Kisha kila kipande kikubwa kigawe mistari miwili au mitatu, na kila mstari uupe tarehe ya kuufanya. Jumla itajibadilisha yenyewe, nawe endelea kusogeza hadi hakuna wiki inayopita saa zako. Daftari la mraba nalo linafanya kazi hiyohiyo. Mimi mwenyewe hutumia daftari, simu yangu hufa chaji.

Dalili: umegawa vizuri, lakini saa hazitoshi kila mara

Chanzo huwa makadirio. Insha yangu ya kwanza chuoni niliiandikia saa 5, ikanila 9. Sikuwa mvivu, nilihesabu kuandika tu, nikasahau kutafuta vitabu, kuandika upya ukurasa wa kwanza na kupanga marejeo. Pima mara moja tu: kazi yako ya kwanza ya muhula, andika ulikisia saa ngapi na zilikwenda ngapi kweli. Kama ulikisia 5 zikaenda 9, basi kila kisio lako la insha lizidishe karibu mara mbili hadi utakapopata ushahidi mwingine. Majaribio hayapotoki kiasi hicho, kwa kuwa mada za kusoma zinajulikana.

Dalili: kalenda yako na ya mwenzako wa darasa hazilingani, na wote mmenakili muhtasari uleule

Hapa chanzo ni neno "wiki ya 1". Chuo chetu kilifungua Jumatatu 5 Januari. Wiki hiyo ilikuwa ya kuripoti, kulipa karo na kujisajili. Vipindi vilianza Jumatatu 12. Mwalimu wa Uhasibu anahesabu tangu chuo kufungua. Mwalimu wa Sheria anahesabu tangu kipindi chake cha kwanza. Muhtasari wa Sheria uliandika "jaribio: wiki ya 6", na darasa zima likaliweka wiki ya 6 ya chuo, tarehe 9 hadi 13 Februari. Kumbe wiki yake ya 6 ilikuwa ya tarehe 16 hadi 20, yaani wiki yetu ya 7, ile ile iliyojaa.

Utatambua kosa hili mapema ukiuliza swali moja katika kipindi cha kwanza: "Mwalimu, wiki ya 6 ni ya tarehe ngapi?" Usiulize wiki gani, uliza tarehe. Na kwenye kalenda yako usiandike namba ya wiki ya mwalimu kamwe; geuza kwanza iwe tarehe, kisha uipe namba yako mwenyewe. Mimi huanza wiki Jumamosi, kama majina ya siku zetu yanavyohesabu, na inafaa kwa sababu saa nyingi za Jumamosi na Jumapili zinatangulia majaribio ya Jumatatu badala ya kubaki nyuma yake.

Dalili: umewasilisha kazi "siku ile ile" na mfumo unasema umechelewa

Hili limewapata watu watatu ninaowajua, na mmoja wao ni mimi. Kazi ya Kompyuta ilikuwa na maandishi haya kwenye skrini:

```
Due: Friday, 20 February 2026, 12:00 AM
```

Nusu ya darasa ilisoma kwamba ni Ijumaa usiku. Siyo. 12:00 AM ya Ijumaa ni saa sita ya usiku wa kuamkia Ijumaa, dakika ile Alhamisi inapokwisha. Aliyepanga kuimaliza Ijumaa baada ya swala alikuwa amechelewa kwa zaidi ya nusu siku. Kichekesho ni kwamba wazee wetu wasingekosea: kwao siku huanza jua linapotua, na ukisema usiku wa Ijumaa wanaelewa ule unaofuata Alhamisi. Skrini ilikuwa inasema Kiswahili cha zamani, sisi vijana ndio tulioisoma vibaya.

Ukiona 12:00 AM, rudisha nyuma siku moja kwenye kalenda yako na uandike "Alhamisi, kabla ya saa sita usiku". Ukiona 11:59 PM, hiyo ni saa tano na dakika 59 usiku ya siku iliyotajwa, haina utata. Na unapoingiza jaribio la saa mbili asubuhi kwenye kalenda ya simu, hiyo ni 8:00 AM. Nimeona mtu aliyeandika 2:00, simu ikamwamsha saa nane usiku.

Kwa mwenzangu wa mfano wetu, kosa hili lilikuwa na maana kubwa kuliko inavyoonekana. Jaribio la Sheria Alhamisi mchana na kazi ya Kompyuta Alhamisi usiku zilikuwa siku moja. Kama asingekuwa ameimaliza Kompyuta wiki ya 5, angejua hivyo akiwa bado na vifungu vya sheria kichwani.

Dalili: unataka kuanza mapema lakini kazi yenyewe haijatolewa

Kweli, na hiki ndicho kikomo cha mpango wote. Huwezi kuandika insha wiki ya 4 ikiwa swali litatolewa wiki ya 6. Kwa hiyo ninapokwenda kwa walimu, jambo la kwanza ninaloomba si tarehe, ni maelekezo. Mwalimu wa Uchumi alikuwa na maswali ya insha tayari, hakuona sababu ya kuyatoa mapema tu. Nilipomwomba wiki ya 3, aliyatoa siku ya pili. Hakupoteza chochote, nasi tulipata wiki tatu. Ukiomba maelekezo mapema unakubaliwa mara nyingi zaidi kuliko ukiomba tarehe isogezwe, na faida yake kwa kalenda ni ileile.

Dalili: mliomba jaribio lisogezwe, likasogezwa, na hali ikawa mbaya zaidi

Mwaka jana tuliomba jaribio moja "lisogezwe mbele" kutoka wiki iliyojaa. Mwalimu, kwa wema wake, akalisogeza mbele kwa wiki moja. Wiki hiyo ilikuwa na majaribio mengine mawili ambayo hakuyajua, na sisi tuliomba bila kuwa na jedwali mkononi. Tena neno lenyewe lina mtego: wapo waliodhani "mbele" ni kabla, wapo waliodhani ni baadaye, na wanafunzi wawili walikuja darasani siku tofauti.

Muhula huu nilikwenda na karatasi moja, wiki zikiwa juu na kozi sita pembeni, majaribio yamezungushiwa duara. Mazungumzo na mwalimu wa Takwimu yalikuwa hivi:

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mumekuja kuahirisha tena? Nyinyi kila muhula mwaahirisha."

"La, Mwalimu. Twaomba lije mapema. Badala ya Jumatatu tarehe 16, liwe Alhamisi tarehe 12."

Akaichukua karatasi, akaitazama kwa muda. "Uhasibu nao ni wiki hiyo? Na Sheria?"

"Na insha ya Uchumi, na Kompyuta."

"Mada ya nne nitaimaliza tarehe 5." Akafikiri. "Haya. Alhamisi tarehe 12, saa nne. Lakini asije mtu kuniambia hakujua."

Kilichofanya kazi ni mambo mawili. Tuliomba tarehe maalumu iliyokuwa wazi, na tuliomba kitu kimoja tu. Wengine darasani walitaka tuombe Uhasibu nao usogezwe, nikakataa. Ukitikisa majaribio mawili kwa pamoja, walimu wenyewe hukutana na kila mmoja anangoja mwenzake asogee kwanza. Jaribio lililohamia Alhamisi tarehe 12 lilikuwa na saa 14 za kusomea ndani ya wiki ya 6, na likaacha Jumamosi na Jumapili ya wiki ya 7 kwa Uhasibu na Sheria peke yake.

Nenda wiki ya 2 au ya 3. Baada ya wiki ya 5, mwalimu ameshachapisha karatasi, na hapo unaomba fadhila badala ya kupanga.

Dalili: saa zako 16 zinapungua ghafla katikati ya muhula

Kwa Lamu sababu ni tatu na zote zinajulikana mapema. Ya kwanza ni mwezi. Kwa hesabu ya falaki, Ramadhani ya mwaka huu ilitarajiwa kuanza 18 au 19 Februari, yaani ndani ya wiki ya 7 hiyohiyo. Saa mbili za jioni unazozitegemea zinaliwa na futari na tarawehe. Hazipotei zote, zinahama. Mwenzangu alizipeleka baada ya daku, kabla ya kutoka kwenda darasani, lakini kwa kukadiria alipunguza jioni zake kutoka saa 2 hadi 1 kwa mwezi mzima. Kwa hiyo kuanzia wiki ya 8 chombo chake kilikuwa cha saa 12, na mgawo wa majaribio ya pili ulipangwa kwa 12, si 16.

Ya pili ni maji. Wenzetu wa Pate na Faza hawaondoki saa wanayotaka. Mara nyingi boti hungoja maji yajae, na maji hayo huchelewa kwa kama dakika 50 kila siku. Anayekwenda nyumbani mwisho wa wiki anaweza kupoteza Jumamosi yote baharini na gatini. Yeye asiandike saa 5 za Jumamosi. Aandike 1, na akipata zaidi ni bahati.

Ya tatu ni sikukuu. Idd ilitarajiwa Ijumaa 20 au Jumamosi 21 Machi, kufuatana na mwandamo. Hiyo ni mwisho wa wiki ya 11 na mwanzo wa 12, kilima cha pili. Ijumaa Kuu ilikuwa 3 Aprili, na Jumatatu ya Pasaka 6 Aprili, wiki ya mwisho kabla ya mitihani. Jaribio lililowekwa Ijumaa 20 Machi lina uwezekano mkubwa wa kuhama, na likihama huenda wiki ya 12 ambako pengine jaribio jingine lipo. Kwenye kalenda yangu nilifuta siku hizo mbili zote, 20 na 21, nikaacha Jumatatu na Jumanne za wiki ya 12 bila kazi yoyote ili jaribio litakalokimbia Idd liwe na mahali pa kutua. Mwalimu wa Uchumi alilipeleka Jumanne.